Sentimita 30 za Dipsi: Kifua, Traisepsi na Bega Lililonigomea Ubaoni

Wiki ya tatu ya fildi, nikiwa mbele ya Kidato cha Pili, niliinua mkono kuandika tarehe juu ubaoni na bega likagoma. Siyo uchovu. Ilikuwa kama kuna mtu ananichoma na spoku sehemu ya mbele ya bega, hapo ambapo kamba ya begi hukaa. Nikashusha mkono, nikaandika tarehe katikati ya ubao, na mwanafunzi wa dawati la mbele akauliza kwa upole, "Mwalimu, unaumwa?" Nikasema hapana. Kumbe naumwa.

Kinachochekesha ni kwamba somo la siku ile lilikuwa momenti ya nguvu. Nilikuwa nawaeleza watoto kwa nini komeo la mlango huwekwa mbali na bawaba, huku bega langu likiwa limeumizwa na jambo lilelile, nami sijui. Kila jioni kwa miezi miwili nilikuwa napiga dipsi kwenye vile vyuma viwili sambamba nyuma ya hosteli. Nilishuka chini kabisa, mwili wima kama mlingoti, kwa sababu jamaa walisema ukiwa wima unajenga traisepsi na ukiinama mbele unajenga kifua. Hilo ni kweli. Lakini hakuna aliyesema kwa nini, na hiyo "kwa nini" ndiyo ingeniokoa. Nimeifanyia kazi muhula mzima na naiweka hapa kwa ajili yenu mnaopanga foleni pale vyumani saa kumi na moja jioni.

Mstari mmoja unaotawala kila kitu

Chukua uzi, funga jiwe, ning'iniza kwenye chuma pale mkono wako unaposhika. Fundi uashi anaita timazi. Uzi huo ndio mstari ambao chuma kinausukuma mwili wako juu. Kwa kuwa hakuna kingine kinachokugusa, uzito wako wote unapita hapo. Mimi nina kilo 60, kwa hiyo kila mkono unabeba kama kilo 30, yaani niutoni 300 hivi.

Sasa jitazame kwa ubavuni ukiwa chini, mkono wa juu (kutoka begani hadi kiwikoni) ukiwa umelala sambamba na ardhi. Kiwiko kipo nyuma ya timazi. Bega lipo mbele ya timazi. Timazi linapita katikati yao. Mkono wangu wa juu una sentimita 30, kwa hiyo umbali wa kiwiko hadi kwenye timazi, ukijumlisha na umbali wa bega hadi kwenye timazi, lazima ufike 30. Hauzidi, haupungui.

Na momenti, kama tunavyowafundisha watoto, ni nguvu mara umbali kutoka kwenye mstari wa nguvu. Umbali wa kiwiko ndio kazi ya traisepsi, kwa sababu ndiyo misuli inayonyoosha kiwiko. Umbali wa bega ndio kazi ya kifua pamoja na misuli ya mbele ya bega, kwa sababu ndiyo inayourudisha mkono wa juu kutoka nyuma kuja mbele. Kwa hiyo ukiwa chini kwenye dipsi una sentimita 30 za kugawa kati ya majirani wawili. Ukimpunguzia mmoja, umemwongezea mwenzake. Kuinama mbele hakupunguzi mzigo hata kidogo, kunauhamisha tu.

Kwa nini kuinama kunahamisha

Hapa ndipo wengi tunapochanganya. Tunadhani kuinama mbele ni suala la kifua kutazama chini. Siyo. Jambo la msingi ni kwamba mwili unaning'inia kwenye viganja viwili tu, kwa hiyo kitovu cha uzito wako, ambacho kipo maeneo ya kiunoni, lazima kikae kwenye timazi. Kisipokaa hapo utapinduka mbele au utarudi nyuma.

Ukiwa wima, kiuno kipo chini ya mabega, na kiuno kikikaa kwenye timazi, mabega nayo yatakuwa karibu na timazi. Ukiinama, kiuno kinabaki kwenye timazi lakini mabega yanatangulia mbele. Bega likisonga mbele sentimita moja, na kiwiko kinasogea mbele sentimita moja kuelekea kwenye timazi, kwa sababu mfupa kati yao haurefuki. Kigasha kinakuwa wima zaidi, traisepsi inapumua, na kifua kinabeba.

Tufanye hesabu kwa mwili wangu. Kutoka begani hadi kwenye kitovu cha uzito nimekadiria sentimita 44. Nilijirekodi kwa simu niliyoiweka juu ya ndoo, usawa wa vyuma, kwa ubavuni kabisa, timazi likiwa linaning'inia.

Dipsi yangu ya zamani, ile niliyoiita wima: bega lilikuwa sentimita 14 mbele ya timazi, kiwiko sentimita 16 nyuma. Zidisha kwa niutoni 300 na unapata momenti ya niutoni-mita 42 begani na 48 kiwikoni. Mwinamo wa kiwiliwili unaupata kwa kugawa 14 kwa 44 na kutafuta pembe ambayo saini yake ni hiyo: nyuzi 19 hivi. Kwa hiyo hata "wima" yangu haikuwa wima. Haiwezekani kuwa wima kabisa ukiwa chini, labda kama una kiwiko cha ajabu.

Dipsi ya kifua: bega sentimita 26 mbele, kiwiko sentimita 4 tu nyuma. Momenti begani ni 78, kiwikoni 12. Mwinamo ni nyuzi 36.

Zitazame hizo namba vizuri. Kuongeza mwinamo kwa nyuzi 17 tu kumekaribia kuzidisha kazi ya bega mara mbili, na kumeishusha ya kiwiko hadi robo. Hujaongeza hata kilo moja ya uzito. Ndiyo maana mtu anayepiga dipsi 15 za wima anaweza kukwama kwenye ya 6 akiinama, halafu anadhani amepungua nguvu. Hajapungua. Amemkabidhi mzigo jirani ambaye hajauzoea.

Niseme na mipaka ya hesabu hii. Inahusu nguvu za nje tu, ukiwa umetulia. Ndani ya mwili misuli inakazana hata pale isipohitajika sana, hivyo traisepsi haitalala kwa sababu kiwiko kina sentimita 4. Na unapopanda, viungo vyote viwili lazima vinyooke, kwa hiyo traisepsi inamalizia kazi hata kwenye dipsi ya kifua. Tena nimechukulia kwamba viwiko vinaelekea nyuma. Vyuma vikiwa vipana na viwiko vikafunguka pembeni, sehemu ya mzigo inakuwa ya kufunga mkono kuelekea kifuani, na hiyo nayo anaibeba kifua.

Miguu ndiyo usukani

Ukishajua kwamba kitovu cha uzito lazima kikae kwenye timazi, unagundua kwamba hauhitaji kujilazimisha kuinama. Miguu inakufanyia kazi hiyo. Kunja magoti na upeleke miguu nyuma, kitovu cha uzito kinarudi nyuma, na ili usawa urudi mabega lazima yatangulie mbele. Umeinama. Peleka miguu mbele kidogo, vidole vya miguu vikiwa mbele ya uso wako, na mabega yanarudi juu ya mikono. Umekuwa wima.

Jamaa mmoja wa mwaka wa tatu pale vyumani alikuwa ananilalamikia, "Kaka, mimi nalenga traisepsi lakini kesho yake kifua ndicho kinachouma." Nikamwambia apige nikimtazama ubavuni. Alikuwa amekunja miguu nyuma na kuipishanisha, kama tunavyofanya wengi kwa kuogopa kugusa chini. Miguu inasema kifua, yeye anasema traisepsi, na miguu ndiyo inayoshinda. Vyuma vyetu ni vifupi, ni kweli, lakini dawa ni kunyanyua magoti mbele kidogo kama umekaa kwenye kigoda.

Kosa la pili linalofanana na hilo ni kuinamisha kichwa na kupinda mgongo wa juu ukidhani umeinama. Uti wa mgongo umepinda, uso unatazama ardhi, lakini mabega hayajatoka yalipokuwa. Timazi halidanganyiki. Ukitaka kujua, angalia kigasha kwenye video: kikiwa karibu wima ukiwa chini, umeinama kweli. Kikiwa kimelala nyuma, bado upo kwenye traisepsi hata kama kidevu kimegusa kifua.

Sasa bega: linadaiwa mara mbili

Ukisoma hadi hapa utasema bega langu liliumia kwa nini, kama dipsi ya wima ndiyo yenye momenti ndogo begani? Na mimi nilijiuliza hivyo hivyo. Jibu nilipewa na mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mpole ambaye hakuniandikia hata kidonge. Alinilaza kifudifudi, akashika mkono wangu na kuuinua taratibu kuelekea nyuma, mkono wake mwingine ukiwa umekandamiza kombe la bega lisiinuke. Mkono ulikwenda, ulikwenda, ukakwama. Akapima. "Nyuzi 55," akasema. "Mdogo wangu, hapa ndipo mwisho wa bega lako. Huko kwenye vyuma unakwenda ngapi?"

Sikujua. Nilirudi kwenye video nikahesabu.

Watu wengi wana nyuzi 50 hadi 60 za kupeleka mkono nyuma ya mwili. Sasa fikiria: mwili ungekuwa wima kabisa na mkono wa juu umelala sambamba na ardhi, mkono ungekuwa umekwenda nyuma nyuzi 90 kutoka kwenye mstari wa mwili. Kila nyuzi unayoinama mbele inapunguza hapo nyuzi moja, kwa sababu mwili wenyewe unaufuata mkono. Kwenye dipsi yangu ya wima, mwinamo wa nyuzi 19, bega lilidaiwa 90 toa 19, yaani nyuzi 71. Mimi ninazo 55. Nyuzi 16 zinatoka wapi?

Zinakopwa. Kombe la bega linapinduka mbele, mabega yanaviringika, na kichwa cha mfupa wa mkono kinasukumwa mbele dhidi ya utando na kano za mbele ya bega. Pale pale ambapo kamba ya begi hukaa. Mara moja hulipi. Mara 40 kila jioni kwa miezi miwili, unalipa ubaoni.

Dipsi ya kifua, yenye mwinamo wa nyuzi 36, inadai 90 toa 36, yaani nyuzi 54. Ninazo 55. Inatosha, kwa kona ya kidole.

Kwa hiyo bega linadaiwa kwa njia mbili, na mwinamo unazipeleka pande tofauti. Ukiinama, momenti inapanda lakini nafasi inatosha. Ukiwa wima, momenti inashuka lakini nafasi inaisha mapema. Mtu akikwambia "wima ni salama kwa bega" au "kuinama ni salama kwa bega" ameona upande mmoja wa deni. Swali lenye maana ni: ukiwa na mwinamo huu, unapaswa kuishia wapi?

Kupata mwisho wako

Hesabu ni fupi. Jumlisha nyuzi za bega lako na nyuzi za mwinamo wako. Jibu ndilo pembe ambayo mkono wa juu unaruhusiwa kufika ukipima kutoka kwenye timazi, ambapo 90 ni mkono kulala sambamba na ardhi.

Mimi nikipiga ya kifua: 55 na 36 ni 91. Naruhusiwa kushuka hadi bega liwe usawa wa kiwiko, basi. Nikipiga ya traisepsi: 55 na 19 ni 74. Natakiwa kusimama nyuzi 16 kabla ya mkono kulala. Kwa mkono wa sentimita 30, hiyo ni bega kuwa bado sentimita 8 juu ya kiwiko, upana wa vidole vinne. Vidole vinne tu! Hiyo ndiyo tofauti kati ya dipsi iliyonijenga na dipsi iliyonizuia kuandika tarehe. Wenyewe tulikuwa tunaita kuishia hapo "nusu dipsi" na kumcheka mtu.

Kupima nyuzi za bega huhitaji hospitali. Lala kifudifudi kwenye meza au benchi, mkono umenyooka ubavuni, rafiki akandamize kombe la bega kwa kiganja na auinue mkono taratibu bila nguvu. Anapohisi kombe linataka kuinuka, hapo ndipo mwisho. Piga picha kwa ubavuni, pima pembe kati ya mkono na benchi kwa protrakta. Ukipata 40, usishangae. Ukae siku nzima umejikunja kwenye laptopu halafu utegemee 60? Kwa mwenye 40, dipsi ya wima inaishia mbali sana na sambamba, na hata ya kifua kwa mwinamo wa nyuzi 36 inaishia kwenye 76.

Kuna dalili tatu za kwamba umepitiliza, na zote zinaonekana. Ya kwanza, mabega yanaviringika mbele sentimita chache za mwisho, kama mtu anayejikunyata baridi. Ya pili, masikio yanazama katikati ya mabega, maana yake misuli inayoshikilia kombe la bega lisipande imeachia, na mwili unaning'inia kwenye kano. Ya tatu, unajisikia kuvutwa mbele ya bega kwa uchungu wa ncha, tofauti na moto wa misuli ambao unasambaa kifuani au nyuma ya mkono. Uchungu wa ncha ukija, seti imeisha. Usimalizie.

Na kuna kuanguka. Namba zote nilizotoa ni za mtu aliyetulia. Ukijiachia chini na kusimama ghafla, nguvu ya kukuzuia inazidi niutoni 300 kwa mkono, na inafika pale pale ambapo nafasi ya bega imeisha. Mimi sasa nashuka kwa kuhesabu mpaka tatu, nasimama kidogo chini, ndipo napanda.

Nilivyorudi

Nilikaa wiki tatu bila vyuma. Nilipoanza tena, nilifunga tyubu ya baiskeli kutoka chuma hadi chuma na kuweka magoti juu yake ili inipunguzie uzito, nikawa nashuka hadi vidole vinne tu, bila kuiba. Nilianza na ya wima iliyoishia mapema, kwa sababu momenti ya bega ni ndogo na nafasi sikuigusa. Bega liliponyamaza kwa wiki mbili mfululizo ndipo nikaanza kupeleka miguu nyuma kidogo kidogo, kwa timazi: sentimita 18, halafu 22. Nimefika 24. Ile 26 ipo pale, haina haraka, kwa sababu najua kila sentimita ninayoisogeza mbele ni niutoni-mita 3 ninazolikabidhi bega.

Kuhusu fildi, nilirudi kwenye darasa lile wiki ya mwisho na kuchora ubaoni mtu anayepiga dipsi: timazi, kiwiko upande huu, bega upande ule. Nikawauliza, akiinama mbele, nani anabeba zaidi? Yule wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Bega, mwalimu, kwa sababu limeenda mbali na uzi." Nikamwambia amepata. Kisha nikageuka, nikaandika tarehe juu kabisa ya ubao.